Sindano ya mwisho, na saa saba zisizo na maandishi

*Shikamoo Daktari. Nina mwaka wa pili nikiwa daktari wa wodi. Mzee wa miaka 66, mwenye kisukari, alifariki kwetu kwa nimonia siku moja tu baada ya kulazwa. Mimi ndiye niliyempokea, ila alipofariki sikuwa zamu. Binti yake ameandika akiuliza mambo matatu: baba alikufa kwa nini hasa, je aliteseka, na ile sindano aliyochomwa nusu saa kabla ya kukata roho ndiyo iliyomuua? Mkuu wa wodi ameniagiza niandike barua ya rambirambi na maelezo kutoka kwenye faili. Nimeanza hivi: "Marehemu aliletwa akiwa katika hali mbaya, na jitihada zote za kitabibu zilifanyika kuokoa maisha yake." Nikakwama hapo, maana karatasi ya vipimo ina pengo kubwa usiku ule. Nimekunakilia mistari ya faili bila majina. Niandike nini, niache nini?*

Marahaba, mwanangu. Kalamu yako ilisimama pale ilipopaswa kusimama. Huwezi kutia saini "jitihada zote zilifanyika" wakati karatasi uliyonayo mkononi inakukana. Ifute sentensi hiyo yote. Na hilo "aliletwa akiwa katika hali mbaya" nalo liondoe, kwa sababu kwa binti linasikika kama lawama: mlichelewa kumleta. Yeye hajauliza hali aliyoletwa nayo.

Kabla ya kuandika neno jingine, chukua karatasi tupu uandike saa moja moja, toka alipopokelewa mpaka alipofariki. Usitumie maelezo ya madaktari peke yake. Weka mbele yako karatasi ya vipimo, karatasi ya dawa na taarifa za wauguzi, kisha uvisome pamoja, maana kila kimoja kina kitu ambacho kingine hakina. Faili lako linasema hivi. Jumatatu 16:20 anapokelewa akiwa na homa ya 38.9, anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 84. 17:05 anapata antibayotiki ya kwanza kwa mshipa. 22:00 amepata nafuu kidogo: oksijeni asilimia 91 akiwa na barakoa, presha 104/60, na daktari wa zamu anaandika "apimwe kila saa". Mstari unaofuata ni wa 05:10 Jumanne: presha 78/40, anapumua mara 38, amechanganyikiwa, anaivuta barakoa. 13:00 haitikii anapoitwa. 13:30 muuguzi anaandika kuwa pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa kisha inarudi. 14:40 mofini miligramu 2.5 chini ya ngozi. 14:55 anapumua mara 34. 15:15 amefariki.

Sasa zigeuze saa hizo ziwe saa za watu, na uzigeuze kwa kidole kwenye kila mstari. Faili linahesabu toka usiku wa manane, familia inahesabu toka jua linapochomoza. Mimi niliwahi kuandika "saa 2 usiku" kutoka kwenye 02:00 ya faili. Familia ile ilikuwa imekaa na mgonjwa wao mpaka saa 3 usiku, wakizungumza naye, na barua yangu ikawaambia kwamba saa moja kabla ya hapo alikuwa hajitambui. Waliamini tunaficha kitu, na sikuweza kuwalaumu. 02:00 ni saa 8 usiku. 15:15 yako ni saa 9 na robo alasiri. Na siku nayo iandike bila utata: usiseme "usiku wa Jumanne", sema "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne".

Tuje kwenye swali lake la kwanza. Nimeona kwamba mwenzako aliandika kwenye faili "moyo na mapafu kusimama". Hiyo ndiyo namna kila mtu anavyokufa, na kwa aliyefiwa haielezi kitu. Kinachotakiwa ni mnyororo, uleule unaojazwa kwenye cheti cha sababu ya kifo: kilichomuua moja kwa moja, kilichosababisha hicho, na chanzo cha yote. Kwa mzee huyu chanzo ni nimonia. Nimonia ikaleta sepsisi. Sepsisi ikaangusha presha, na figo na viungo vingine vikashindwa. Hakikisha barua na cheti vinasema jambo moja, kwa sababu binti atavishika vyote viwili.

Neno sepsisi liandike, maana atalisikia tena, kisha ulieleze papo hapo. Ningeandika hivi:

"Baba yako alikuwa na nimonia, yaani maambukizi ndani ya mapafu. Maambukizi hayo yalileta hali inayoitwa sepsisi, ambapo mwili, katika kupambana na wadudu wa ugonjwa, unaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Mishipa ya damu inalegea, presha inashuka, na figo na ubongo havipati damu ya kutosha. Hicho ndicho kilichochukua uhai wake."

Sentensi hizo zinatosha. Usimpe namba za presha wala asilimia za oksijeni isipokuwa aziombe, maana "78/40" kwa mtu asiye mtabibu ni fumbo, na aliyefiwa hukesha akifumbua mafumbo. Na maneno yetu ya faili usiyavushe jinsi yalivyo. Tunaandika "mgonjwa ni msumbufu" tukimaanisha anahangaika kwa kukosa hewa. Tunaandika "amekataa barakoa" kwa mtu ambaye hakujua tena barakoa ni nini. Ukimwandikia binti kwamba baba yake alikataa oksijeni, umempa baba kosa ambalo hakulifanya.

Swali la sindano ndilo linalomnyima usingizi, kwa hiyo lijibu kwa neno lililo wazi kisha umwonyeshe ulichokitegemea. Faili lako lina ushahidi mzuri na usiupoteze kwa kusema tu "dawa ile ni salama". Mofini inapozidi, inajionyesha kwa namna yake: pumzi zinapungua polepole, zinafika 8 kwa dakika au chini ya hapo, na mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyu alipimwa dakika 15 baada ya sindano akapumua mara 34. Tena pumzi zake zilianza kukatika saa 7 na nusu, zaidi ya saa nzima kabla hajachomwa chochote. Miligramu 2.5 ni kipimo kidogo cha kumpunguzia mtu hisia ya kukosa hewa, na alipewa mara moja tu. Ni kweli figo zake zilikuwa zimeshindwa, na mofini hukawia kutoka mwilini figo zikishindwa. Hilo lingekuwa na uzito kama angekuwa amepewa dozi nyingi mfululizo.

Lakini angalia unapoishia. Dakika 15 hazitoshi kwa dawa iliyochomwa chini ya ngozi kufika nguvu yake yote, na kati ya 14:55 na 15:15 hakuna kipimo. Kwa hiyo usiape. Andika ulichokiona na unachokiamini kutokana nacho:

"Sindano aliyopewa saa 8 na dakika 40 mchana ilikuwa ya mofini, kwa kiasi kidogo, ili kumpunguzia shida ya kupumua. Kwa kila kilichoandikwa kwenye faili, siamini kwamba ndiyo iliyomuua. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kukatika zaidi ya saa moja kabla ya sindano, na alipopimwa baada yake bado alikuwa akipumua haraka, ambapo dawa hii inapozidi humfanya mtu apumue polepole sana. Alikuwa tayari anaelekea mwisho. Najua kwamba wewe uliyekuwa kando yake uliona sindano, kisha ukaona pumzi ya mwisho, na inasikitisha kwamba hakuna aliyekueleza wakati ule ni ya nini."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Taarifa ya muuguzi inasema "ndugu yupo, mofini imetolewa", haisemi "ndugu ameelezwa". Kama hakuelezwa, huo ni upungufu wetu. Muulize muuguzi mwenyewe kabla ya kuandika. Akisema alieleza ila hakuandika, ibadilishe sentensi iwe "huenda maelezo hayakueleweka vizuri katika hali ile", usimkanushe binti.

Sasa pengo. Toka saa 4 usiku mpaka saa 11 na dakika 10 alfajiri ni saa saba na dakika kumi, kwa mgonjwa ambaye amri yake ilikuwa kupimwa kila saa. Hujui kama hakupimwa au alipimwa bila kuandikwa, na hutalijua kwa kulitazama faili. Hili halianzii kwenye barua. Leo hii nenda kwa mkuu wa wodi na karatasi ile mkononi, muombe lifunguliwe kama tukio la kuchunguzwa kwa utaratibu wenu, na waliokuwa zamu waulizwe. Haifai uongozi usome habari hii kwanza kwenye nakala ya barua yako. Na mtu yeyote akikuambia "tujaze tu vipimo vya katikati", kataa. Anayekumbuka jambo anaruhusiwa kuliandika kwa kuchelewa, lakini anaandika tarehe na saa ya leo anapoandika, na kwamba ni kumbukumbu. Namba iliyopachikwa kwenye kisanduku cha saa 7 usiku ni ya kughushi, na inamgeuza muuguzi aliyezidiwa na kazi kuwa mwongo.

Utaambiwa pia kwamba hata angepimwa asingepona, kwa nini kumtonesha binti kidonda? Mwanangu, hilo hatulijui. Sepsisi huua hata inapotibiwa vizuri, na antibayotiki yake ya kwanza ilitolewa dakika 45 baada ya kupokelewa, jambo zuri ambalo lina haki ya kutajwa. Lakini presha inayoshuka ikionekana saa 7 usiku, maji ya mshipa yanaongezwa, daktari anaitwa, chumba cha wagonjwa mahututi kinapigiwa simu mapema. Pengine angeishi, pengine asingeishi. Usiandike "isingebadilisha chochote", na usiandike "angepona". Ningeandika hivi, baada ya mkuu wako kukubali:

"Kuna jambo napaswa kukueleza hata kama hukuliuliza. Daktari wa zamu aliagiza baba yako apimwe kila saa usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Kwenye faili hakuna kipimo kilichoandikwa kati ya saa 4 usiku na saa 11 na dakika 10 alfajiri. Hatujui bado kwa nini, na uchunguzi umeanza. Siwezi kukuambia kama kumpima mara kwa mara kungebadilisha mwisho wake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hivyo sivyo alivyostahili kuangaliwa, na ninasikitika. Tutakujulisha uchunguzi ulichokipata."

Usiongeze kwamba wauguzi walikuwa wachache. Huenda ni kweli, na uchunguzi utaliona, lakini ndani ya barua hii litasomeka kama utetezi. Na ahadi ya kumjulisha usiiandike mpaka ujue ni nani atakayeitimiza na lini. Kama utaratibu wenu unataka maneno ya kuomba radhi yapitiwe na uongozi, yapeleke yapitiwe, ila wakikurudishia barua ambayo aya hii imekatwa, usiitie saini wewe. Mwombe aliyeikata aisaini.

Swali la kama aliteseka linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mkono utakuvuta uandike "alilala kwa amani". Faili halisemi hivyo kwa muda wote. Alfajiri alihangaika, akavuta barakoa. Binti alifika saa 2 asubuhi na huenda alimwona akihangaika. Ukimwambia hakuteseka, hatakuamini tena hata lile la sindano. Mpe saa zake: alfajiri alipata shida ya kupumua na alikuwa amechanganyikiwa, oksijeni iliongezwa, toka saa 7 mchana hakuitikia sauti, na muuguzi aliandika kwamba alipogeuzwa upande hakukunja uso. Kutokana na hilo unaweza kusema kwa haki kwamba katika saa mbili za mwisho haionekani kama alihisi maumivu. Kama binti alisikia mlio wa pumzi kooni mwa baba, mweleze kwamba ni mate ambayo mtu asiyejitambua hayamezi, na kwamba mlio huo humwumiza zaidi anayeusikia. Hukuniandikia kama mlio huo ulikuwepo, kwa hiyo ukague kwanza.

Kuna mstari mmoja wa kuacha. Kwenye maelezo yako ya Jumatatu umeandika kwamba mzee alikuambia ameacha vidonge vya kisukari miezi miwili, "asiambiwe binti". Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari, linasema siri ya mgonjwa inalindwa hata baada ya kufa kwake. Mzee alikuomba, na ombi lake halikufa naye. Wala usilizunguke kwa kusema sukari ilipanda kwa sababu ya maambukizi. Ni kweli hupanda hivyo, lakini ukiandika hivyo wakati unajua na lile jingine, unamdanganya. Sema sukari yake ilikuwa juu na alipewa insulini, basi. Akiuliza ana kwa ana kwa nini ilikuwa juu, mjibu kwamba yapo mambo mgonjwa humweleza daktari wake kwa siri, na wewe unaitunza. Na hata kabla ya hayo, fungua ukurasa wa kwanza wa faili uhakikishe kwamba binti huyu ndiye mzee aliyemwandikisha kuwa ndugu wa kupewa habari zake. Kama ni mwingine, mkuu wa wodi aamue kwanza.

Na upo mstari mmoja ambao nashangaa hukuutaja, ingawa umeunakili. Taarifa ya muuguzi, Jumatatu 21:00: "Ameomba maji mara mbili, amekunywa. Anauliza kama binti yake yuko njiani, ameambiwa ndiyo, amefurahi." Kati ya karatasi zote hizo, huu ndio mstari anaoutafuta bila kujua kwamba upo. Uweke mwanzoni, mara baada ya kumpa pole:

"Pole sana kwa kuondokewa na baba. Mimi ndiye daktari niliyempokea Jumatatu jioni. Saa 3 usiku aliomba maji, akanywa, akamuuliza muuguzi kama uko njiani. Aliambiwa ndiyo, na muuguzi aliandika kwamba alifurahi."

Usiongeze kitu hapo. Usiseme "alikuwa anakusubiri", wala "jina lako lilikuwa mdomoni mwake". Muuguzi aliandika alichokiona na kinatosha. Mwambie pia wazi kwamba alipofariki hukuwepo, ili asije kudhani unayasimulia yale ya saa 9 kwa macho yako. Sema umeyatoa kwenye faili na kwa kuwauliza waliokuwepo, na uwe umewauliza kweli.

Baada ya mwanzo huo, fuata mpangilio wa maswali yake: ugonjwa, mateso, sindano. Pengo liweke baada ya sindano, lisitangulie, kwa sababu akilisoma kwanza hatasikia lolote linalofuata. Barua nzima isizidi kurasa mbili. Ikiisha, mpe mtu asiye wa hospitali aisome kwa sauti ukiwa umebadilisha kila kinachomtambulisha mzee, na kila anapojikwaa ndipo pa kurekebisha. Kisha mwombe mkuu wa wodi alinganishe kila saa na faili, maana aliyeandika haoni makosa yake.

Usiitume kwa simu. Mpigie umuulize kama anapenda kuja kuichukua na kukaa nawe, au apelekewe nyumbani, na kama angependa aje na mtu. Akija, tafuta chumba chenye mlango unaofungwa, mkabidhi, na umwache aisome yote kabla hujafungua mdomo. Faili liwe mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa Jumatatu saa 3 usiku, kwa sababu ataomba kuuona mwandiko wa yule muuguzi. Uliza leo kama utaratibu wenu unaruhusu aonyeshwe.